Usiku wa taa Malindi: kuilowesha barabara kavu ndani ya GIMP

Mwezi wa Januari, kaskazi ikivuma na mvua ikiwa haijulikani ilikokwenda, niliitwa na mama mmoja mwenye duka la juisi pale Barabara ya Lamu, hapa Malindi. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia, akanionyesha kibao chake juu ya kipenu na kuniambia shida yake moja kwa moja.

“Mwanangu, kibao hiki kimenigharimu, lakini kwenye picha zangu zote kinaonekana kama sahani nyeupe. Mimi nataka picha ya usiku, taa zing'ae, na barabara iwe imelowa kama baada ya mvua kubwa.”

“Mvua hatuna, mama. Lakini barabara nitakuloweshea.”

Nitaeleza nilivyofanya, kwa sababu kazi ya namna hii huharibika mahali pamoja kila mara. Watu huanza na rangi. Wanaipaka picha zambarau na samawati, wanaongeza mng'ao, halafu mwishoni kabisa wanageuza nusu ya juu ya picha kichwa chini na kuibandika barabarani. Jicho halijui kosa liko wapi, ila linakataa. Kosa ni kwamba mng'ao, mwanga ulioko ukutani na akisi iliyoko barabarani vimetoka sehemu tatu tofauti, ilhali mtaani vyote hutoka kwenye taa ileile. Kwa hiyo mimi hutengeneza tabaka moja la taa peke yake, na kila kitu kingine kinachong'aa kwenye picha lazima kiwe nakala ya tabaka hilo au kichukue rangi yake humo.

Nilitumia GIMP 2.10, programu ya kuhariri picha ambayo ni ya bure na inaendeshwa hata na kompyuta ya kawaida. Majina ya menyu nimeyaandika kama yanavyosomeka kwenye skrini.

Picha ya kuanzia

Usianze na picha ya saa sita mchana. Jua kali huacha vivuli vyenye ncha chini ya kila tuktuk na kila mtu, na hata ukiipunguza picha mwanga namna gani, vivuli hivyo vitasema mchana. Usianze pia na picha ya usiku wa manane iliyopigwa kwa simu, maana kibao kitakuwa kimeungua kuwa cheupe na kila kitu kingine kimezama gizani pamoja na chembechembe.

Wakati mzuri ni dakika kama kumi baada ya jua kuzama. Vivuli vimekwisha, mbingu bado ina mwanga wa kutosha kuonyesha kuta, na maduka yameshawasha taa. Sisi tuko karibu na ikweta na kigiza chetu huingia haraka, una dakika ishirini na ushei tu kabla hali haijageuka. Nenda mapema na ukae tayari.

Simu ishike kwa upana, uso wake ukiwa wima kabisa, bila kuinamisha mbele wala nyuma. Washa mistari ya gridi na uhakikishe nguzo na pembe za kuta zinasimama sawa. Hili si suala la urembo. Hesabu ya akisi nitakayoitoa hapa chini ni sahihi tu ikiwa kamera haikuinama. Picha yangu ilikuwa na pikseli 4000 kwa 3000, na upeo wa macho ulipita katikati, kwenye mstari wa 1500 kuhesabu kutoka juu.

Giza kwanza

Fungua picha, kisha nenda `Image > Precision` uchague 16-bit. Mbingu ya usiku ni mteremko mrefu wa rangi nyeusi na bluu zinazokaribiana sana, na ukiifanyia kazi kwa biti 8 utaona mistari kama ngazi ikijitokeza angani. Kama kompyuta yako inalemewa, punguza picha hadi upana wa 2000 badala ya kupunguza biti, na ukumbuke kugawanya kwa mbili kila kipimo cha pikseli nitakachotaja.

Nakili tabaka la asili mara mbili. Nakala ya juu ipe jina `taa` na uifiche kwa sasa, tutairudia. Nakala ya katikati iite `usiku`. Ndani yake fungua `Colors > Exposure` na ushushe hadi kama -1.5. Kisha `Colors > Hue-Saturation`, punguza `Saturation` kwa 30 hivi. Macho ya binadamu hupoteza rangi gizani, na kijani cha mwarobaini kilichobaki na nguvu zake zote ndicho kinachoifichua picha ya mchana iliyotiwa giza. Majani nayashusha zaidi, peke yake, kwa kuchagua herufi `G` na `Y` katika dirisha hilohilo.

Halafu `Colors > Color Balance`. Kwenye `Shadows` sogeza kuelekea `Blue` kwa 25 na kuelekea `Cyan` kwa 15. Kwenye `Midtones` nusu ya hapo. `Highlights` usiziguse, kwa sababu mwanga mkali utatoka kwenye taa zenyewe.

Mbingu ichague na uishushe zaidi kwa `Curves`, lakini usiifanye nyeusi tii. Mbingu juu ya mji wenye taa huwa bluu nzito, na karibu na mapaa hupauka kidogo. Weka mteremko laini kati ya hizo mbili.

Mwisho wa hatua hii ni barabara yenyewe. Lami iliyolowa huwa nyeusi zaidi kuliko lami kavu hata kabla ya kuakisi chochote, kwa sababu mwanga unaoingia kwenye utando wa maji hunaswa humo, ukirudishwa chini tena na tena badala ya kutoka kukufikia. Chagua barabara na njia ya waenda kwa miguu, lainisha ukingo wa uteuzi kwa `Select > Feather`, kisha shusha tena `Exposure` kwa stopu moja, yaani -1. Hapa watu wengi husita kwa kuogopa kwamba barabara imepotea. Iache ipotee. Akisi haionekani juu ya lami ya kijivu, na ukiiacha lami ya kijivu utalazimika kuzidisha mwanga wa akisi mpaka ufanane na rangi iliyomwagika.

Acha lakini sehemu chache kavu. Chini ya kipenu cha duka mvua haifiki. Chini ya tuktuk iliyoegeshwa pia. Sehemu hizo zibaki na weupe wake kidogo na zisipate akisi yoyote, na mtazamaji ataamini kwamba mvua ilinyesha kweli kutoka juu.

Tabaka la taa

Onyesha sasa `taa`. Kazi hapa ni kubakisha vitu vinavyotoa mwanga tu na kujaza vingine vyote rangi nyeusi. Zungushia kila taa kwa kifaa cha uteuzi huru: kibao cha duka, taa ya mbele ya tuktuk, taa ya barabarani kule mbali, dirisha lililowashwa. Kisha `Select > Invert` na ujaze nyeusi. Badilisha `Mode` ya tabaka iwe `Screen`. Katika hali hiyo nyeusi haiongezi kitu, kwa hiyo unaona taa zimekaa juu ya usiku wako, na bado una tabaka lenye ukubwa kamili wa picha. Ukubwa huo usiuharibu, una maana yake baadaye.

Kibao cha mama kilikuwa cha herufi za plastiki zilizowashwa kwa nyuma. Yeye alitaka mrija wa neoni. Nilifuata umbo la kila herufi kwa kifaa cha `Paths`, nikaenda `Edit > Stroke Path` na kuchora mstari wa pikseli 14 kwa rangi ya waridi iliyokolea. Juu yake, kwa njia ileile, nikachora mstari wa pikseli 5 wa waridi uliopauka karibu kuwa mweupe. Kisha `Filters > Blur > Gaussian Blur` kwa pikseli 3 tu ili mistari hiyo miwili iungane.

Mstari ule mweupe wa katikati ndio unaoufanya mrija uonekane umewaka. Kamera ikiutazama mrija wa neoni, kiini chake huwa kimezidi kipimo na kusomeka kama nyeupe, na rangi huonekana kwenye kingo na kwenye mng'ao wa pembeni. Mtu akichora mrija wa waridi tupu anapata utepe wa waridi uliobandikwa ukutani.

Kuhusu kuchagua rangi, gesi ya neoni yenyewe hutoa nyekundu inayoelekea chungwa, na hiyo ndiyo rangi ya taa alizozionyesha Georges Claude jijini Paris mwaka 1910. Bluu hutoka kwa agoni yenye zebaki kidogo, na rangi nyingine hupatikana kwa unga unaong'aa uliopakwa ndani ya mrija au kwa kioo cha rangi. Siku hizi vibao vyetu vingi ni LED na rangi yoyote inawezekana, lakini mimi hubaki na rangi mbili kuu tu. Kwa mama nilichagua waridi kwa kibao na samawati kwa mwanga wa duka la pili. Taa ya barabarani niliiacha na umanjano wake. Rangi nne au tano zenye nguvu sawa hupigana, na kibao kilicholipiwa hakisomeki tena.

Mng'ao

Mng'ao hutokea ndani ya lenzi na katika unyevu wa hewa, nasi wa pwani unyevu tunao wa kutosha. Hauna mpaka, una kiini chenye nguvu kisha mkia mrefu unaofifia. Ukungu mmoja hauwezi kuigiza umbo hilo. Ndiyo maana natumia nakala tatu za `taa`, zote katika hali ya `Screen`.

Ya kwanza naitia `Gaussian Blur` ya pikseli 12 na kuiacha na `Opacity` ya 80. Ya pili pikseli 60, `Opacity` 45. Ya tatu pikseli 250, `Opacity` 20. Hiyo ya tatu peke yake karibu haionekani, lakini ukiizima utahisi hewa imeondoka kwenye picha.

Kuna hali nyingine iitwayo `Addition` ambayo huongeza mwanga kwa ukali zaidi. Inafaa kwa nakala ya kwanza tu na kwa kiasi. Kipimo changu ni hiki: sogea nyuma hatua tatu kutoka kwenye skrini na usome kibao. Kama maandishi hayasomeki, mng'ao umezidi, na unaoanza kuupunguza ni ule wa pikseli 60.

Mng'ao wa lenzi hupita mbele ya kila kitu, hata mbele ya kichwa cha mtu aliyesimama kati yako na kibao. Usiukate kwa maski kufuata umbo la mtu. Mwanga unaoangukia ukuta ni jambo jingine. Huo hupakwa kwa brashi kubwa laini, kwa rangi ya taa husika, kwenye tabaka jipya la `Soft light`, na unakatwa sawasawa na umbo la vitu. Ukuta uliopakwa chokaa unapokea rangi vizuri sana, na kanzu nyeupe vilevile, kwa hiyo mtu aliyepita karibu na kibao apate ukingo wa waridi upande ule unaotazama taa na usiguse upande wake wa pili.

Akisi: mguu wa taa

Hapa ndipo pa kukaa.

Barabara iliyolowa ni kioo kilicholala. Kitu kilichosimama juu ya kioo kilicholala huonekana kichwa chini, kuanzia pale kinapoigusa sakafu. Sehemu ile, yaani nukta ya barabarani iliyo wima chini ya taa, mimi huiita mguu wa taa. Kila taa ina mguu wake, kwa sababu kila taa iko umbali wake. Mtu anayegeuza picha yote kwa mkupuo mmoja amezipa taa zote mguu mmoja, na hapo ndipo jicho linapokataa.

Hesabu yenyewe ni fupi. Ukihesabu pikseli kutoka juu ya picha:

```
akisi = 2 × mguu − taa
```

Kibao cha mama kilikuwa mita kumi kutoka nilipokuwa, kwenye mstari wa 1050. Mguu wake ulikuwa kwenye 1950. Akisi yake basi inakuja 2850, karibu kabisa na ukingo wa chini wa picha. Taa ya mbele ya tuktuk ilikuwa kwenye 1640 na mguu wake 1800, akisi ikaja 1960. Taa ya barabarani iliyo mbali, mita sitini hivi, ilikuwa kwenye 1175, mguu 1575, akisi 1975. Tazama hiyo ya mwisho: taa iko mwisho wa mtaa, lakini akisi yake inaangukia lami iliyo mita tisa na nusu tu mbele yako. Hakuna mtu angeibahatisha kwa kukisia, na mtaani baada ya mvua ndivyo inavyokuwa.

Jihadhari na baraza. Maduka mengi yetu yana baraza iliyoinuka mbele, na ukuta unaonekana kuishia juu ya baraza hiyo. Mguu wa taa hauko pale. Uko kwenye usawa wa barabara, ungeuona kama baraza isingekuwapo. Fuata mstari wa chini wa baraza ulipokutana na lami ili kuukadiria. Na kama kibao kimetokeza mbele ya ukuta, mguu wake uko chini ya kibao, si chini ya ukuta. Mara ya kwanza niliuweka mguu juu ya baraza, na akisi ikaonekana kuelea. Nilipoushusha kwa pikseli sitini ikatulia.

Ndani ya GIMP kazi inakwenda hivi. Nakili `taa` na ubakishe taa moja tu, nyingine zote zijaze nyeusi. Nenda `Layer > Transform > Flip Vertically`. Kwa kuwa tabaka lina ukubwa kamili wa picha, limegeuka kuzunguka katikati ya picha, na sasa linahitaji kusogezwa tu. Kiasi cha kusogeza ni mguu mara mbili, toa urefu wa picha. Kwa kibao ni 3900 kutoa 3000, yaani 900 kwenda chini. Kwa tuktuk ni 600. Kwa taa ya barabarani ni 150. Fungua `Layer > Transform > Offset`, andika namba hiyo kwenye `Y`, na kwenye `Edge Behavior` chagua `Make transparent`, la sivyo kilichotoka chini kitarudi juu na utakuta kibao angani. Ukipata namba hasi, basi upeo wako wa macho uko juu ya katikati ya picha, na tabaka linapanda badala ya kushuka. Hesabu bado ni ileile.

Rudia kwa kila taa kubwa. Taa ndogondogo za mbali zinazokaribiana unaweza kuzifanya kwa pamoja, tofauti yao haionekani. Kisha kila tabaka la akisi lipe maski inayoruhusu barabara tu.

Kitu kinachoziba taa huziba na akisi pia. Tuktuk ikisimama mbele ya taa ya mbali, chini yake kuna tuktuk nyingine nyeusi iliyopinduka, nayo inafunika akisi ya taa ile. Kata umbo la tuktuk, ligeuze kwa mguu wake yenyewe, yaani pale matairi yanapogusa lami, na uliweke jeusi juu ya akisi za nyuma. Ukilisahau hili, tuktuk itaonekana imekatwa kwa mkasi na kuwekwa mezani.

Kuichafua akisi

Akisi safi kama kioo inafaa kwa dimbwi lililotulia. Lami iliyolowa ina vijipu vidogo vingi, na kila kijipu huelekeza mwanga kidogo juu au kidogo chini. Kwa kuwa tunaitazama barabara kwa pembe ya ulalo, mtawanyiko huo huonekana mrefu sana kwa wima na mdogo kwa upana. Ndiyo sababu taa ya mviringo hugeuka kuwa mstari mrefu unaokuja kwako.

Fungua `Gaussian Blur`, fungua mnyororo unaounganisha vipimo viwili, na uweke `Size X` 6 na `Size Y` 120 kwa kibao. Kwa taa ya tuktuk 70 ilitosha. Mistari hii ibaki wima, hata kama barabara inapinda. Wengi huielekeza kufuata ukingo wa barabara, na huko ni kuigeuza rangi iliyopakwa, maana akisi hufuata jicho la anayetazama na haina habari na barabara inaelekea wapi.

Nakala ya pili ya akisi, isiyotiwa ukungu, weka juu na uifunike yote kwa maski nyeusi. Sasa chora madimbwi kwa nyeupe kwenye maski hiyo. Madimbwi hayakai popote. Yanakaa kando ya barabara karibu na ukingo, kwenye nyayo za matairi, na pale kabro zilipozama. Umbo lake ni bapa sana kadiri linavyokuwa mbali nawe. Dimbwi la mviringo lililo mita kumi na tano huonekana kama ulimi mwembamba.

Ili chembe za lami zionekane ndani ya akisi, nakili barabara kutoka tabaka la asili, ongeza kontrasti yake kwa `Curves`, uinakili kwa `Ctrl+C`, bofya maski ya akisi yenye ukungu, bandika, na utie nanga kwa `Ctrl+H`. Kisha paka tena nyeusi kila kilichoko nje ya barabara, kwa kuwa ulichobandika kimefunika maski uliyokuwa nayo. Sasa sehemu nyeupe za lami zinaakisi zaidi na mianya ya kabro inakatisha mwanga. Hatua hii inachukua dakika mbili na ndiyo inayoniridhisha kuliko zote.

Kisha nguvu ya akisi. Maji yakitazamwa kutoka juu moja kwa moja hurudisha kama asilimia 2 tu ya mwanga. Kadiri unavyoyatazama kwa ulalo ndivyo yanavyorudisha zaidi. Pale ilipoangukia akisi ya tuktuk, kwenye mstari wa 1960, ni kama asilimia 40. Pale ilipoangukia akisi ya kibao, kwenye 2850, ni asilimia 9 hivi. Kwa maneno mengine barabara inang'aa mbali na kuzimika karibu na miguu yako, kinyume kabisa na vile watu wengi wanavyoipaka.

Usiandike 9 kwenye `Opacity` lakini. Namba za pikseli hazipandi sawasawa na mwanga, na asilimia 9 ya mwanga huonekana kwenye skrini kama theluthi moja ya nguvu. Mimi niliweka 65 kwa tuktuk na taa ya barabarani, na 35 kwa kibao, kisha nikaongeza mteremko kwenye maski kufifisha zaidi kuelekea chini.

Akisi pia iwe na rangi iliyokolea kuliko taa yenyewe. Kiini cheupe cha mrija kilikuwa cheupe kwa sababu ya kuzidi kipimo. Akisi ni hafifu, haikuzidi, kwa hiyo inaonyesha waridi kamili. Futa mstari mweupe wa katikati kwenye nakala za akisi, au zipake waridi moja, `Lightness` ikiwa imeshushwa, kwa `Colors > Colorize`.

Nilipofika hapa nilimpelekea mama picha kwa simu. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, “Hii mvua ilinyesha lini?”

Rangi za mwisho

Sasa ndipo kuoanisha rangi. `Layer > New from Visible` inakupa tabaka moja la kila kinachoonekana. Kwenye `Curves`, chagua chaneli ya `Blue` na uinue kidogo tu mwanzo wake wa kushoto, ili nyeusi ziwe na bluu kidogo. Kwenye `Red` bonyeza kidogo sehemu ya giza kwenda chini na uinue kidogo sehemu ya mwanga. Inatosha. Kama kazi ya taa na barabara ilikuwa sahihi, hatua hii ni ya dakika tatu, na ukijikuta unahangaika nayo nusu saa, tatizo liko chini, mara nyingi barabara haijawa nyeusi vya kutosha.

Angalia nyuso. Ngozi zetu nyeusi hupokea samawati haraka na kuonekana za majivu. Kwenye maski, punguza athari ya tabaka hili hadi nusu kwenye uso na mikono, na uache ukingo wa waridi kutoka kwenye kibao ubebe rangi.

Ongeza `Filters > Noise > RGB Noise` kidogo sana, kiasi cha kuona chembe ukikuza picha mara mbili tu. Husaidia mbingu isigawanyike ngazi ngazi ukisha kuitoa kama JPEG ya `Quality` 90.

Kama picha ni ya skrini, umemaliza. Kama ni ya bango la kuchapwa, mwambie mteja mapema kwamba waridi na bluu za namna hii hazimo ndani ya wino. Wino hauwezi kutoa mwanga, na rangi hizo hupoa zikawa zambarau ya vumbi. Kwa bango la mama nilisogeza waridi kuelekea nyekundu, nikaifanya mbingu na lami kuwa nyeusi zaidi ili tofauti ifanye kazi ambayo rangi haikuweza, na nikaomba kipande cha majaribio cha ukubwa wa karatasi ya A4 kabla ya kuchapa mita mbili. Kipande cha kwanza kilitoka na barabara nyeusi tupu, akisi za chini zote zimemezwa. Niliinua akisi ya kibao kutoka 35 hadi 50 kwa ajili ya uchapishaji peke yake, na cha pili kikakubalika.